Asidi Kidogo Tu: Kabonili Inapokutana na Amini

(Hotuba kwa walimu wa kemia na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, Kigoma mjini. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.)

Walimu wenzangu, wanangu wa kidato cha tano na cha sita, habari za asubuhi.

Hapa mezani nimeweka kipande cha wavu. Nimekiomba jana jioni Kibirizi kwa mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu zake, akaniuliza nakipeleka wapi. Nikamwambia nakwenda kuwafundishia watoto kemia. Akacheka, akasema kama kemia inaweza kuziba matundu basi nimrudishie ukiwa mzima.

Kuziba siwezi, ila naweza kuwaambia unavyoanza. Nyavu nyingi husokotwa kwa nailoni, na aina moja kubwa ya nailoni, ile inayoitwa nailoni 6, hutengenezwa kutokana na kaprolaktamu. Kaprolaktamu nayo kwa kawaida hutoka kwenye oksimi ya saikloheksanoni. Oksimi hiyo hupatikana kwa kukutanisha vitu viwili tu: saikloheksanoni, ambayo ni ketoni, na haidroksilamini, ambayo ni amini yenye kundi la OH juu ya naitrojeni. Leo nitazungumzia mkutano huo peke yake. Nitawaeleza kwa nini unakwenda mbio ukiwa na asidi kidogo, na kwa nini unakwama asidi ikikosekana, na unakwama vilevile ikizidi.

Jambo hili wanafunzi wengi hulikariri. "Imini huundwa haraka zaidi kwenye pH ya 4 hadi 5." Ukimuuliza kwa nini si 1, kama kweli asidi ni kichocheo, anakutazama tu. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena nililipa gharama yake, nitawasimulia.

Tuanze na wahusika. Kabonili ni kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili. Oksijeni huvuta elektroni kuliko kaboni, kwa hiyo kaboni hubaki na upungufu, ina njaa ya elektroni. Amini ina naitrojeni yenye jozi moja ya elektroni ambayo haijashikwa na mtu. Jozi hiyo ndiyo kila kitu katika kisa chetu. Ikiwa huru, amini ina mkono wa kushika kaboni. Ikishughulishwa na kitu kingine, amini haina mkono.

Zinapokutana, mambo hutokea kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza, naitrojeni inaishika kaboni ya kabonili, bondi moja kati ya zile mbili za oksijeni inaachia, protoni zinahamahama kidogo, na tunapata kitu chenye OH na naitrojeni juu ya kaboni ile ile moja. Jina lake ni kabinolamini. Ni cha kupita tu, mara chache sana utaweza kukichota na kukiweka kwenye chupa. Hatua ya pili, kabinolamini inapoteza maji: OH inaondoka, na naitrojeni inaiegemea kaboni kwa bondi mbili. Kama amini ilikuwa ya daraja la kwanza, naitrojeni inaachia protoni yake moja na tunabaki na C=N. Hiyo ndiyo imini, ambayo pia huitwa besi ya Schiff, kwa jina la Hugo Schiff aliyezieleza mwaka 1864. Pale penye OH juu ya naitrojeni, kama kwa haidroksilamini, tunaiita oksimi. Ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa, asidi inafanya kazi wapi hapo? Wengi hudhani iko hatua ya kwanza. Hapana, kazi yake kubwa iko hatua ya pili. OH haipendi kuondoka peke yake, kwa sababu ingeondoka kama ioni ya haidroksidi, na haidroksidi ni mgeni asiyeaga. Lakini ukiiongezea protoni inakuwa H₂O, na maji huondoka bila ubishi. Kwa hiyo hatua ya pili inahitaji protoni, na protoni zikiongezeka, nayo inaongezeka kasi.

Hatua ya kwanza inataka kinyume chake. Inataka jozi ya naitrojeni iwe huru.

Kinachotokea jozi hiyo ikikutana na asidi mnakijua hata kabla hamjasoma kemia. Mama anapopika migebuka anakamulia limau, na harufu ya samaki inapungua. Sehemu ya harufu ile ni amini zinazoruka hewani. Asidi ya limau inazipa protoni, protoni inakaa juu ya ile jozi ya naitrojeni, na amini inageuka kuwa chumvi. Chumvi hairuki hewani, kwa hiyo pua haiipati. Amini bado imo kwenye sufuria, imefungwa mkono tu. Basi na kwenye chupa ya maabara, ukimwaga asidi nyingi, umekamulia limau amini yako. Haiwezi tena kuishika kabonili.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Asidi ile ile inayofungua mlango wa pili ndiyo inayofunga mlango wa kwanza.

Ninyi mmekulia hapa ziwani, kwa hiyo naweza kuwapa mfano ambao ningeutoa Dodoma ningeeleweka nusu. Dagaa hupitia mikono miwili: wavuvi usiku na waanikaji mchana. Wakati wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri, boti zinarudi karibu tupu. Siku hizo hata uongeze chanja za kuanikia mara kumi, huongezi gunia moja sokoni, kwa sababu kilichobana ni uvuvi. Ikija giza pamoja na mvua za masika, dagaa wanamwagwa mchangani kwa wingi, lakini jua hakuna. Hapo ukimwongezea mvuvi taa nyingine unamwongezea hasara, maana kilichobana ni kuanika. Magunia yanayofika sokoni huhesabiwa kwa mkono ulio mzito kuliko mwenzake. Katika kemia mkono huo mzito tunauita hatua inayoamua kasi. Tofauti ni moja tu: ziwani mvua na mbalamwezi haviendeshwi na usukani mmoja. Kwenye chupa yetu usukani ni mmoja, pH, na ukiuzungusha upande huu unasaidia mkono mmoja na kuumiza mwingine.

Tuweke tarakimu, maana bila tarakimu haya yanabaki hadithi. Mwaka 1959 Mmarekani William Jencks alichapisha uchunguzi wake wa miitikio ya namna hii, na haidroksilamini ilikuwa mmoja wa wahusika wake wakuu, asetoni mwenzake. Alitumia mwanga wa urujuanimno, kwa sababu kabonili huunyonya kwa namna yake na oksimi kwa namna nyingine, kwa hiyo unaweza kuzifuatilia zote mbili. Kwenye pH ya karibu 7 aliona jambo zuri sana: alama ya kabonili ilipotea upesi, lakini alama ya oksimi haikutokea upesi. Ilipanda polepole baadaye. Maana yake, ketoni ilikuwa imekwisha kushikwa na amini na kuwa kabinolamini, lakini kabinolamini imekwama, inasubiri kupoteza maji. Dagaa wamejaa mchangani na jua hakuna. Alipoongeza asidi kasi ilipanda, ikafika kilele kwenye pH ya 4.5 hivi, kisha ikaanza kushuka tena. Ukichora kasi dhidi ya pH unapata umbo la kengele.

Kengele hiyo tunaweza kuikadiria wenyewe kwa kalamu. Haidroksilamini iliyopokea protoni ina pKa ya karibu 6. Hii inatosha kutuambia ni sehemu gani ya amini iko huru kwenye kila pH. Kwenye pH 7, karibu asilimia 91 iko huru. Kwenye pH 4.5 ni asilimia 3 tu. Kwenye pH 2 ni moja katika elfu kumi.

Sasa tuangalie mlango wa pili, wa kupoteza maji. Kasi yake inategemea vitu viwili vikizidishwa: kiasi cha kabinolamini, ambacho kinafuata amini huru, na kiasi cha protoni. Tukitoka pH 7 kwenda pH 4.5, protoni zinaongezeka kama mara 316. Amini huru inapungua kama mara 30. Gawanya: mlango wa pili umefunguka zaidi kwa mara 10 hivi. Tumepata faida.

Tuendelee kwa tamaa hadi pH 2. Protoni zimeongezeka tena mara 316. Lakini amini huru nayo imepungua mara 300 na ushei. Gawanya: faida ni kama sifuri. Hapa nawaomba msimame kidogo, kwa sababu ndipo vitabu vingi vinaporuka. Ukishashuka chini ya pKa ya amini yako, kila protoni unayoiongeza kwa ajili ya maji inalipwa na amini inayofungwa. Mlango wa pili hauzidi kufunguka, umefika kikomo chake. Wakati huo huo mlango wa kwanza, unaotegemea amini huru peke yake, umebanwa mara 300. Kwa hiyo kuanzia hapo kinachoamua kasi ni kushikana, si kupoteza maji, na kila ukiongeza asidi unajiumiza. Ni kweli kwamba asidi kali huipa hata kabonili protoni kidogo na kuizidishia njaa, kwa hiyo kushuka si kukali kama hesabu yetu inavyosema, lakini msaada huo haulipi deni.

Kilele, basi, ni pale milango miwili inapolingana upana. Hakuna uchawi kwenye namba 4.5. Ni namba ya haidroksilamini na amini zinazofanana nayo kwa udhaifu. Mtu asije akaichukua na kuibandika kwenye kila amini. Amini za kawaida za mnyororo, kama butilamini, zina pKa ya karibu 10.6. Kwenye maji ya pH 4.5, iliyo huru ni kama moja kwa milioni moja na robo. Kwa hizo hatuzungumzii pH ya maji kabisa: tunafanya kazi kwenye ethanoli au toluini, amini yenyewe ikiwa nyingi, na asidi tunaidondoshea kwa kiasi cha asilimia moja hivi ya amini. Sehemu kubwa ya amini inabaki huru, na kidogo iliyopokea protoni inatosha kuwa mgawaji wa protoni kwa kabinolamini. Wazo halibadiliki, namba ndiyo inabadilika.

Sasa nisimulie kisa changu. Sitataja chuo. Nilikuwa mwaka wa pili, tukapewa kutengeneza oksimi ya saikloheksanoni. Karatasi ya maelekezo ilisema hivi: haidroksilamini hidrokloridi gramu 0.70, asetati ya sodiamu yenye maji yake ya fuwele gramu 2.0, maji mililita 10, kisha saikloheksanoni mililita 1, ziba na utikise. Chupa ya asetati ilikuwa tupu. Mwenzangu, kijana mwenye kujiamini sana, akasema: "Asetati ni chumvi tu hiyo. Kinachochochea ni asidi, hata mwalimu alisema." Tukaweka mililita moja ya asidi hidrokloriki kali badala yake. Tukatikisa. Tukatikisa tena. Meza za jirani zilikuwa na fuwele nyeupe ndani ya dakika moja au mbili, chupa yetu ilikuwa angavu kama maji ya Tanganyika asubuhi.

Tuhesabu tulichokifanya. Gramu 0.70 za hidrokloridi ni milimoli 10, na saikloheksanoni mililita 1 ni karibu milimoli 10 pia. Haidroksilamini huuzwa kama hidrokloridi kwa sababu ikiwa huru haina utulivu na inaweza kulipuka. Kwa hiyo ndani ya chupa ile, kabla hata hatujagusa kitu, amini yote imeshafungwa protoni. Maji yake yana pH ya karibu 3. Mililita moja ya asidi hidrokloriki kali ina milimoli 12 hivi za protoni. Tuliishusha pH hadi karibu 0. Amini huru ikawa moja kwa milioni. Na si kasi tu iliyobanwa. Mwitikio huu unarudi nyuma: oksimi kwenye asidi kali na maji huvunjika na kurudi kuwa ketoni. Hata kile kidogo kilichoundwa kilikuwa kikirudishwa, na kilichobaki kimebeba protoni na kuyeyuka, hakikuweza kuganda.

Asetati ilikuwa inafanya nini, basi? Ndiyo iliyokuwa inamfungua amini mkono, taratibu. Gramu 2.0 ni milimoli 15 hivi. Ayoni ya asetati inapokonya protoni kutoka kwa sehemu ya haidroksilamini na kuwa asidi ya asetiki, ile ya siki. Ukifanya hesabu, pH inaanzia 5.5 hivi. Halafu kumbukeni kwamba kila molekuli ya oksimi inapoundwa kutoka kwa hidrokloridi, protoni moja inaachwa majini. Bila asetati, mwitikio wenyewe unazalisha asidi inayoukaba shingo. Ikiwepo asetati, zile protoni milimoli 10 zinamezwa, unabaki na asidi ya asetiki milimoli 10 na asetati milimoli 5, na pH inaishia karibu 4.5. Tangu mwanzo hadi mwisho mwitikio umetembea juu ya kilele cha kengele. Ndiyo maana gramu ni 2.0 na si 1.36 ambazo zingelingana sawasawa. Ungeweka sawasawa, asetati ingekwisha yote mwishoni na pH ingeteleza hadi chini ya 3. Aliyeandika karatasi ile alijua anachofanya, sisi ndio tuliodharau chumvi.

Tuliokolewa na mtunza maabara, mama mtu mzima, wala hakuwa na shahada ya kemia. Akauliza, "Mmeweka nini humo?" Tukamwambia. Akaleta magadi soda ya kupikia. Tukawa tunatia kwa ncha ya kijiko, povu linapanda, linashuka, tunatia tena. Povu lilipoanza kuwa hafifu, ghafla chupa ikawa na ukungu, kisha punje nyeupe zikaanza kuanguka kama chumvi ya Uvinza. Amini ilikuwa imo muda wote. Ilikuwa imekamuliwa limau.

Mtu anajuaje kwamba alichopata ni oksimi kweli? Ichuje, ioshe kwa maji baridi kidogo, ikaushe vizuri, upime kiwango chake cha kuyeyuka: nyuzi 89 hadi 91 za Selsiasi. Saikloheksanoni yenyewe ni kimiminika, kwa hiyo haiwezi kukudanganya. Anayeweza kukudanganya ni hidrokloridi isiyotumika, nayo ni fuwele nyeupe, lakini inayeyuka upesi kwenye maji baridi na oksimi haiyeyuki hivyo. Kwa milimoli 10 huwezi kupata zaidi ya gramu 1.13. Ukipima gramu 1.5, usishangilie, ujue bado ina maji. Na tafadhali, glovu mikononi, wala msichemshe mmumunyo wa haidroksilamini hadi ukauke.

Nimesema oksimi kwa urefu, sasa enamini kwa ufupi, kwa kuwa mkiielewa ya kwanza ya pili imebakiza hatua moja. Chukueni ketoni ile ile, saikloheksanoni, mpeni amini ya daraja la pili, tuseme pirolidini. Naitrojeni yake ina haidrojeni moja tu. Hatua ya kwanza ni ile ile, kabinolamini ni ile ile, maji yanaondoka kwa msaada wa protoni vile vile, na unafika kwenye ayoni ya iminiamu, yaani C=N yenye chaji chanya. Sasa naitrojeni inataka kuachia protoni itulie, lakini haina tena. Ile moja aliyokuwa nayo imekwisha kutolewa njiani. Inabidi protoni itoke kwa jirani, kwenye kaboni iliyo pembeni ya iliyokuwa kabonili. Ikitoka hapo, elektroni zinaanguka kati ya kaboni mbili na unapata C=C yenye naitrojeni kando. Hiyo ndiyo enamini. Mwaka 1954 Gilbert Stork na wenzake walionyesha namna ya kuzitumia kushikizia minyororo ya kaboni pembeni ya kabonili, na tangu hapo zimekuwa chombo cha kila siku.

Enamini haina uvumilivu wa oksimi. Oksimi huganda ndani ya maji mbele ya macho yako, enamini hurudishwa na maji. Kwa hiyo hapa maji yenyewe lazima yafukuzwe. Unaweka saikloheksanoni gramu 9.8, pirolidini gramu 8.5, toluini, na ncha ya kisu ya asidi ya toluinisalfoniki, halafu unachemsha ukiwa na mtego wa Dean na Stark juu yake. Kifaa hicho kilibuniwa mwaka 1920 kupimia maji kwenye mafuta ya petroli. Mvuke wa toluini unapanda pamoja na maji, ukipoa maji yanazama chini ya mrija wenye mistari na toluini inamwagikia tena kwenye chupa. Kwa vipimo nilivyotaja, maji yote ni mililita 1.8. Unakaa unatazama mstari, ukisimama umemaliza. Ila pirolidini inachanganyika na maji na nyingine hukimbilia mtegoni, kwa hiyo mstari ukionyesha 2.0 usidhani umeunda zaidi ya kilichowezekana. Nusa, utaisikia.

Na asidi hapa? Ncha ya kisu, nimesema. Ukiweka kijiko, pirolidini inageuka chumvi, na tumesharudi kwenye limau. Pirolidini ina bidii kiasi kwamba kwa saikloheksanoni wengine hawaweki asidi kabisa na bado maji yanatoka.

Sasa maswali. Kulikuwa na mengi, nimeandika mawili.

Binti mmoja wa kidato cha sita alisimama akasema: "Shikamoo Mwalimu. Umesema asidi kali inamfunga amini. Mbona kitendanishi cha Brady, tunachopimia aldehaidi na ketoni, kinatengenezwa kwa asidi ya salfuriki kali, na mashapo ya rangi ya machungwa yanatokea papo hapo?"

Nilimwomba asikae kwanza, watu wamwone. Swali hili lingebomoa hotuba yote kama lisingekuwa na jibu. Amini iliyomo kwenye Brady ina makundi mawili ya nitro kwenye pete yake ya benzini. Nitro huvuta elektroni kwa nguvu, kwa hiyo naitrojeni zake ni besi dhaifu mno. Hata kwenye asidi inayoifunga haidroksilamini kabisa, yenyewe bado inabaki na sehemu nzuri iliyo huru. Kilele cha kengele yake kimehamia upande wa asidi. Namba ya pH inafuata amini, si amini inayofuata namba. Na zaidi, mashapo yake hayayeyuki, kwa hiyo yanajitoa kwenye mwitikio na kuuzuia usirudi nyuma. Nikamuuliza, basi ukitaka kuitumia asidi ile ile kwa haidroksilamini utapata nini? Akasema, "Maji angavu, Mwalimu." Watu wakacheka, maana walijua anamsema nani.

La pili lilitoka kwa mwalimu mwenzangu wa biolojia: "Mwilini pH ni 7.4. Kama imini zinahitaji pH ya 4 na nusu, sisi tunaziundaje?"

Nilimwonyesha chupa ya mawese iliyokuwa kwenye kapu langu, nilikuwa nimenunua Mwandiga nikija. Wekundu wa mawese ni karotini. Mwili huikata karotini na kupata retinali, ambayo ni aldehaidi. Jichoni, retinali inashikana na amini ya asidi amino iitwayo laisini, ya 296 kwenye mnyororo wa protini ya opsini, na bondi inayoundwa ni imini, tena imini iliyobaki na protoni yake. Protini haishushi pH ya jicho zima. Ndani ya mfuko wake mdogo inapanga nani akae karibu na nani, wapi pawe na kundi la kutoa protoni na wapi la kuipokea, na inaizuia amini ya laisini isifungwe. Mwanga ukipiga, retinali inajinyoosha, na baadaye maji yanaivunja ile imini na retinali inaachia. Kisha nyingine inaingia. Kinachotusumbua kwenye enamini, yaani maji kurudisha kila kitu nyuma, jicho linakitegemea ili liweze kuona tena.

Mwalimu akauliza kama basi kula mawese kunatosha kuona gizani. Nikamwambia hilo ni swali lake la biolojia, mimi nina wavu wa mtu wa kurudisha Kibirizi kabla boti hazijatoka.